Mashine moja ya kunyolea, vichwa vya bweni zima

Nikiitwa shuleni kuzungumza na wanafunzi kuhusu ngozi, huandika swali moja ubaoni na kuliacha hapo mpaka tunamaliza: ni kitu gani kinachotoka kwenye mwili wa mwenzako na kuingia kwenye mwili wako? Jibu la "ugonjwa" silipokei. Nataka nitajiwe kitu chenyewe, kimetokea wapi, kimepita wapi, na kimeshikilia nini njiani. Mwanafunzi akishindwa kukitaja, ninamwomba amrudie yule mwenzake ambaye yeye alihama kitanda ili kumkwepa, akae naye.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi hapa Mwanza. Shule nyingi hutuita baada ya jambo kutokea, na mara hii ilikuwa shule ya sekondari ya bweni nje kidogo ya mji, upande wa ziwani. Mkuu wa shule alipiga simu akiwa amebanwa na wazazi. Walikuwa wamesikia kwamba bwenini kuna "magonjwa ya ngozi", na walitaka wanafunzi wawili wahamishiwe kwingine. Mmoja alikuwa binti wa kidato cha tatu mwenye mbalanga, yaani vitiligo, mabaka meupe kabisa kwenye vidole, magoti na pembeni mwa midomo. Wa pili alikuwa kijana wa kidato cha pili mwenye ualbino.

Tulipofika tuliomba kuangalia vichwa vya kidato cha kwanza kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Ni mazoea yetu kwenye shule za bweni, kwa sababu wadogo ndio wanaobeba mapunye zaidi. Kwa wavulana tukakuta mapunye zaidi ya kichwa kimoja, na kingine, na kingine. Hakuna mzazi aliyekuwa amelalamika juu yao. Ugonjwa pekee uliokuwa unasambaa pale shuleni ulikuwa umelala vizuri kabisa kitanda kwa kitanda, huku wale wawili ambao hawana cha kumwambukiza mtu wakila peke yao.

Nianze basi na hicho kinachoambukiza, kwa sababu ukishakielewa ndipo unapoona kwa nini vile viwili vingine haviwezi.

Mapunye ni fangasi. Hana uhusiano na mnyoo wala minyoo ya tumboni. Anakula keratini, ile malighafi ngumu iliyojenga nywele, kucha na tabaka la juu kabisa la ngozi, na ndiyo sababu haendi kwenye mapafu wala kwenye damu ya mtu mwenye afya. Akiwa kwenye ngozi ya mwili anatambaa kuelekea nje pande zote, na ukingo wake unakuwa umeinuka, mwekundu au mweusi kidogo, una magamba, wakati katikati panaanza kupona. Hapo ndipo lile duara linapotoka. Akiwa kichwani anaingia ndani ya unywele wenyewe, unywele unadhoofika na kukatikia usawa wa ngozi, na unachoona ni sehemu yenye unga mweupe, haina nywele, ina nukta nyeusi ndogondogo. Ukipapasa nyuma ya shingo mara nyingi unakuta vitezi vimevimba.

Sasa jibu la swali la ubaoni: kinachotoka ni chembechembe za uzazi za fangasi, zikiwa zimebebwa na vipande vya nywele na magamba ya ngozi. Zinapita kwa ngozi kugusana na ngozi, na zinapita pia juu ya vitu: kitana, taulo, kofia, foronya, na mashine ya kunyolea. Zinaweza kukaa hai miezi kadhaa kwenye unywele ulioanguka. Paka, mbwa na ndama nao wanazo, na kwa watoto wanaotoka vijijini kwenye ng'ombe hilo ni la kuuliza.

Pale shuleni njia ilikuwa wazi. Mwanzoni mwa muhula mwanafunzi mmoja alionekana na upara mdogo kisogoni. Uongozi, kwa nia njema kabisa, ukaagiza wavulana wote wa kidato cha kwanza wanyolewe kipara Jumamosi ile ile. Kulikuwa na mashine moja. Kinyozi alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tano, mwangalifu kwa kweli, maana kati ya kichwa na kichwa alipangusa meno ya mashine kwa kitambaa chenye spiriti. Kitambaa kilikuwa kile kile. Nilipoiomba ile mashine na kufungua skrubu mbili za kichwa chake, chini ya bleti palikuwa na tandiko la nywele zilizokatwa na kukandamizwa na mafuta, nene kiasi cha kubanduka kama kipande cha blanketi. Spiriti ilipita juu yake tu. Fangasi aliyekuwa chini aliendelea na safari.

Mashine inapokata kipara huacha pia vikwaruzo vidogo visivyoonekana, na hapo ndipo chembechembe zinapopata mlango. Dalili huchukua wiki moja hadi tatu hivi kujitokeza. Wiki tatu baada ya ile Jumamosi, maduara yalianza kwenye vichwa ambavyo havikuwa nayo. Agizo la kunyoa wote ndilo lililosambaza.

Nilimfundisha yule kinyozi mbele ya darasa, na alifurahi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza. Kwanza fungua kichwa cha mashine, piga brashi mpaka hakuna unywele hata mmoja, kwa sababu dawa haifiki mahali penye uchafu. Osha bleti peke yake kwa sabuni. Iloweke kwenye jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, dakika 10, kisha isuuze na kuikausha vizuri na kuipaka mafuta ya mashine, maana jiki ikiachwa inakula chuma. Uwe na bleti mbili ili moja ioge wakati nyingine inafanya kazi. Mwenye mapunye anyolewe wa mwisho, au asinyolewe kabisa. Kumnyoa si sehemu ya tiba.

Tiba yenyewe ndiyo inayowachanganya wazazi wengi. Duara la mwilini linapona kwa dawa ya kupaka, klotrimazoli au mafuta ya Witifildi, mara mbili kwa siku, ukipaka mpaka nje kidogo ya ukingo, na ukiendelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka, kwa sababu fangasi amejificha ndani ya shina la unywele, chini ya ngozi, mahali ambapo krimu haifiki. Yanataka vidonge. Tunachotumia zaidi ni griseofulvini, kipimo kulingana na uzito wa mtoto, kila siku kwa wiki 6 hadi 8, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa au hata dagaa wa kukaanga, kwa sababu bila mafuta mwili unaipokea kidogo. Mtoto anayekunywa kwa wiki mbili akaona unga umepungua akaacha, anarudi kwetu muhula unaofuata.

Kuna kosa moja nalikuta kila mara, na pale pia lilikuwepo. Mwanafunzi mmoja alikuwa na duara shingoni, akaenda duka la dawa akauziwa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi ndani yake. Muwasho ukakata siku ya tatu, akaona imepona. Steroidi inazima kinga ya ngozi pale pale, uwekundu unatoweka, na fangasi anabaki anakula bila kusumbuliwa. Alipokuja kwangu hapakuwa na duara tena. Palikuwa na eneo pana lenye giza kutoka shingoni mpaka begani, ukingo wake umefifia, na vipele vidogo vimetawanyika ndani. Mwenzake alisema ni mzio. Nilikwangua magamba kwa kisu kisicho na makali, nikaweka tone la potasiamu haidroksaidi kwenye kioo, na chini ya hadubini nyuzi za fangasi zilijaa. Ukiona duara "limepona" haraka halafu likarudi kubwa na lisilo na umbo, angalia kifuniko cha krimu uliyopaka.

Na jingine la kuangaliwa: kichwa kinachovimba laini, kinauma, kinatoa usaha. Watu hudhani ni jipu na kulipasua. Mara nyingi ni mwili unaopambana na fangasi huyo huyo, na kisu hakisaidii kitu. Apelekwe kituo cha afya mapema aanze vidonge, kwa sababu akicheleweshwa nywele za pale zinaweza zisiote tena maishani.

Mvulana mmoja aliuliza: "Sista, kwa hiyo huyu nisimpe mkono?" Nikamwambia mpe. Mapunye ya kichwani hayapiti kwa kupeana mkono. Msichangie taulo wala kofia, msilale kichwa kwa kichwa, basi. Akishaanza dawa abaki darasani, hakuna sababu ya kumrudisha nyumbani wiki nane. Na ukiwa wa kwanza kuona duara kwenye kisogo cha mwenzako, ambacho yeye mwenyewe hawezi kukiona, mvute pembeni umwambie, kisha mwende wote kwa matroni. Akiimbiwa jina la "Mapunye" bwaloni, wenzake wenye dalili kama zake wataanza kuvaa kofia usiku na mchana, na chini ya kofia yenye jasho fangasi anastawi.

Nikarudi ubaoni. Nikauliza: kwa mwenye mbalanga, nini kinatoka?

Darasa lilinyamaza, halafu mmoja akasema "rangi". Nikampongeza kwa kujaribu. Rangi haitoki kwenda popote. Kwenye ngozi yetu kuna chembehai zinazotengeneza melanini, ile inayotupa weusi wetu. Kwa mwenye mbalanga, kinga ya mwili wake mwenyewe, zile askari zinazopaswa kupambana na vijidudu, zinazikosea chembehai hizo na kuziua. Pale zilipokufa ngozi inabaki nyeupe. Hakuna kijidudu wala chembechembe za uzazi, na hakuna chochote juu ya ngozi ile kinachoweza kubaki kwenye kikombe, kwenye upawa wa uji, au kwenye mkono wako. Kwa makadirio, mtu mmoja kati ya mia moja hivi duniani anayo, weusi na weupe, ila kwetu inaonekana kwa mbali. Wengi huanza kabla ya miaka 20, umri huo huo wa kukaa sekondari, umri ambao macho ya wenzako ni mazito kuliko umri mwingine wowote.

Yule binti alikuwa ameondolewa zamu ya kugawa uji. Bwenini walisema ni ukoma, wengine walisema amejichubua, wengine amelogwa kwao Sengerema. Kabla ya kipindi niliongea naye peke yake, ofisini kwa matroni. Nilimwomba afumbe macho, nikachukua nyuzi chache za pamba na kugusa katikati ya baka la gotini, halafu nje yake, halafu la kidoleni, naye akawa ananyoosha kidole pale alipohisi. Hakukosa hata mara moja. Baka la ukoma hupunguza hisia, na huwa limefifia tu, halina weupe wa maziwa. Nilimwomba ruhusa ya kuwaeleza wenzake kipimo hicho bila kumtaja. Akasema nimtaje, na yeye mwenyewe atakaa mbele. Na hata ukoma wenyewe, nikawaambia, unatibika bure hospitali za serikali, na mtu akishaanza dawa haambukizi tena baada ya muda mfupi. Hakuna anayestahili kutengwa kwa ajili yake pia.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa magotini. Mabaka ya pale yalikuwa mapya, na ngozi ya pembeni ilikuwa na michubuko. Alikuwa anajisugua kila alfajiri kwa jiwe la miguu, bafuni, kabla wenzake hawajaamka, akitumaini weupe utatoka. Mbalanga ina tabia hii: ngozi ikichubuliwa, ikikwaruzwa au ikiungua, baka jipya linaweza kuota pale pale penye jeraha. Ndiyo maana vidole, viwiko na magoti huathirika sana. Mbalanga yenyewe haisababishwi na maneno ya watu. Ila maneno ya bwenini yalimpeleka kwenye jiwe, na jiwe lilimwongezea mabaka. Nilitaka wanafunzi waone mnyororo huo wote, na niliusema polepole, naye akiwa amekaa mbele kama alivyoomba.

Tiba ipo, ina mipaka. Kuna dawa za kupaka ambazo lazima zisimamiwe na mtaalamu, na kuna taa za mionzi maalumu. Uso hurudisha rangi vizuri kuliko vidole. Inachukua miezi, na inaweza kurudi. Anayeuza dawa ya kupona mbalanga kwa wiki mbili pale stendi anauza kitu cha kuunguza ngozi, na kuungua ni baka jingine.

Kwa ualbino swali la ubaoni lina jibu, na jibu hilo ni zuri kwa somo la baiolojia. Kuna kitu kinachopita: jeni. Ila hakipiti kwa kugusana, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Kinatoka kwa baba na mama kwenda kwa mtoto siku mimba inapotungwa, basi. Nilimwita mwanafunzi wa kidato cha nne akachora. Baba mweusi ana jeni moja ya rangi na moja isiyotengeneza rangi. Mama vile vile. Wote wawili ni weusi na hawajui wanachobeba. Mtoto akipokea ile isiyotengeneza kutoka pande zote mbili, atazaliwa na ualbino, na uwezekano huo ni mmoja kati ya nne kwa kila mimba, upya kila mara. Nililazimika kusisitiza hilo la mwisho, maana watu huhesabu watoto: watatu weusi, basi wa nne atakuwa hivi. Haiendi hivyo. Na pale ambapo baba anamfukuza mama akidai amezaa na mzungu, mchoro ule unaonyesha kwamba jeni ya baba lazima imo ndani ya mtoto huyo. Binti mmoja nyuma alinakili mchoro huo kwa makini sana kuliko wenzake.

Kwa hiyo fadhila anazozihitaji mwenye ualbino ni tofauti kabisa na kuogopa kuambukizwa, na yule kijana wa kidato cha pili alituorodheshea mwenyewe. Macho yanamsumbua kuliko ngozi. Melanini inahitajika jicho linapojengwa tumboni mwa mama, ikikosekana sehemu ya retina inayoona vitu vidogo haikui sawasawa, na macho huchezacheza yenyewe. Miwani inasaidia kiasi, haimalizi tatizo. Akikaa safu ya tatu, ubaoni haoni kitu. Wenzake walidhani anaringa kwa kutowasalimia ng'ambo ya uwanja, kumbe yeye hatambui sura zao kwa umbali ule. Alichoomba ni viwili: mwalimu asome kwa sauti anachoandika, na jirani yake amwachie daftari mchana badala ya usiku. Kwenye mtihani wa taifa, wenye uoni hafifu hupewa karatasi za maandishi makubwa, na shule ndiyo inayopaswa kuwasilisha taarifa zao mapema. Mkuu wa shule aliandika hilo kwenye kitabu chake hapo hapo.

Halafu jua. Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na mwanga unarudishwa pia na maji ya ziwa na mawe yetu makubwa, kwa hiyo kivuli cha mti peke yake hakitoshi. Paredi ya saa nne asubuhi iliyochukua nusu saa ilikuwa inamuunguza shingo. Sketi na kaptura si sheria ya Mungu. Mwenye ualbino aruhusiwe mikono mirefu, suruali, na kofia yenye ukingo mpana pande zote, siyo kepu inayoacha masikio wazi. Kwenye masikio, shingo na midomo ndipo tunapoziona saratani za ngozi mapema mno, kwa vijana. Losheni ya kukinga jua ipakwe kabla ya kutoka na irudiwe kila baada ya saa mbili. Ile inayotengenezwa KCMC, Moshi, kwa ajili ya wenye ualbino, hugawiwa kupitia kliniki, na usimwombe akupakie kidogo kwa ajili ya uso wako kung'aa. Hilo hutokea bwenini na chupa huisha kabla ya mwezi.

Kanda yetu ya Ziwa ina jambo ambalo siwezi kuwaficha wanafunzi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino walishambuliwa na kuuawa Mwanza, Shinyanga na Geita, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, na watoto wengi wakapelekwa kulindwa mashuleni, kama Mitindo kule Misungwi. Wanafunzi wa leo walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wachanga. Nawaambia kwa sababu kuna kazi ndogo inayotokana na hilo: siku za kufunga shule, mwenzenu huyu asitembee peke yake mpaka stendi. Wavulana watatu wa Igoma walikubaliana palepale kumsindikiza, bila mwalimu kuwaamuru.

Tulipomaliza, matroni alitaka kujua aanzie wapi na wale wenye mapunye. Orodha aliyoondoka nayo ni hii, na mwalimu yeyote anaweza kuitumia: andika majina ya wote wenye dalili, na uzito wao, maana dozi inategemea kilo, andika nani analala jirani ya nani na nani anachangia taulo na nani, kwa sababu jirani anaweza kubeba fangasi kichwani bila dalili yoyote, wapeleke kwa pamoja siku moja kituo cha afya ili waanze dawa pamoja, foronya na taulo zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, na mashine ya kunyolea ibaki kabatini mpaka bleti ya pili inunuliwe. Zamu ya uji ya Jumatatu alimrudishia yule binti.